Kanga, Kororo, Kwale na Tombo: Mafunzo Niliyopata Njiani Ruvuma

Ndege hawa wote hupenda kutembea kuliko kuruka, na wote hutoka vichakani kuja njiani alfajiri na jioni. Tatizo ni kwamba hawakai. Kwenye vijia vinavyotoka Msimbati na Madimba, vikapita chini ya mikorosho na kushuka hadi mashamba ya mpunga upande wa Kilambo, utapata sekunde chache tu kabla ndege hajaingia majanini. Niliyojifunza kwa kupita njia hizo yanahusu namna ya kuzitumia sekunde hizo: nini kitazamwe kwanza, nini kifuate, na wapi alama inaweza kukudanganya.

1. Kichwa kwanza, hasa kwa wakubwa

Ndege akiwa mkubwa wa nusu mita au zaidi, mwenye mwili mweusi au wa kijivu uliojaa madoa meupe, uwezekano ni wawili tu: kanga au kororo. Madoa yasikushughulishe, maana wote wanayo. Tazama utosini. Kanga ana pembe ya mfupa iliyosimama wima, haina manyoya hata moja. Uso na shingo yake ni buluu, na chini ya mashavu zinaning'inia nyama mbili ndogo zenye wekundu nchani. Kororo hana pembe. Utosini amebeba kishungi kinene cha manyoya meusi yaliyojisokota, na kinaonekana hata giza likiwa halijaisha vizuri.

Mahali nako kunasaidia. Kanga hutoka kwenye mashamba yaliyo wazi, hasa baada ya karanga na mihogo kuvunwa, kwa makundi yanayoweza kuwa makubwa. Kororo hushikamana na vichaka vizito na misitu midogo iliyobaki, akitoka kidogo tu pembeni mwa njia. Wakishtuka na kuruka, kororo huonyesha ukanda mweupe kwenye bawa. Kanga hana ukanda huo.

Kuna jambo moja ambalo watu waliowaona kororo Unguja au pwani ya Kenya wanapaswa kulijua kabla ya kufika Mtwara. Kororo wa kule kaskazini wana ngozi nyekundu kuzunguka macho na kooni. Wa kusini mashariki mwa Tanzania, ambao jamii yao inaendelea ng'ambo hadi Msumbiji na Malawi, nyuso zao ni za buluu iliyochanganyika na kijivu, bila wekundu, na shingoni wana kola nyeusi isiyo na madoa. Nimewasikia wageni wakibishana njiani kwamba ndege waliyemwona si kororo kwa sababu hana uso mwekundu. Ni kororo halali, ila ni wa huku.

2. Mguu mwekundu huondoa wengi, lakini haumalizi kazi

Tukishuka kwenye ndege wa ukubwa wa kuku mdogo, wa kahawia na michirizi, tumeingia kwa kwale na jamaa zake. Hapa kichwa peke yake hakitoshi, kwa sababu ndege mara nyingi anakimbia akiwa amekugeuzia mgongo, na mgongo wa kila mmoja wao ni wa rangi ya majani makavu. Miguu ndiyo inayoonekana, inakwenda mbio juu ya mchanga mweupe. Itazame hiyo.

Miguu ya njano itakupeleka kwa wale kwale wadogo wa nyikani na kwenye miombo, na si kwa hawa wa vichaka vya pwani. Miguu myekundu inakubakiza na wawili ambao ndio utakutana nao zaidi huku: kwale mwenye kishungi, na kering'ende. Watu wengi huishia hapo, wakasema "kwale mwenye miguu myekundu", na kumbe hawajawatenganisha hata kidogo. Wote wawili wana miguu myekundu. Madume wa kering'ende wana kipi nyuma ya mguu, lakini mbiombio hutakiona.

Kwa hiyo mguu ukishakwambia ni mwekundu, rudi juu kooni. Kering'ende ana koo tupu, ngozi isiyo na manyoya, nyekundu kabisa. Wekundu huo unapanda hadi kuzunguka macho, na mdomo wake pia ni mwekundu. Ndege huyu hawezi kuficha rangi hiyo akisimama sekunde moja na kuinua shingo. Kwale mwenye kishungi ana koo lenye manyoya, jeupe, mdomo wa rangi nyeusi, na juu ya jicho mstari mweupe ulionyooka unaotenganisha uso na utosi mweusi. Kishungi chenyewe mara nyingi amekilaza. Usikisubiri.

Mzee mmoja anayelinda mikorosho karibu na Kitaya aliniambia neno ambalo nimelishika tangu siku hiyo: "Mgongo wake hautakwambia kitu, mwanangu. Kaa kimya, atageuka mwenyewe." Na kweli hugeuka. Kwale akifika ukingoni mwa njia, mara nyingi husita kidogo kabla ya kuingia kichakani. Msito huo ndio wakati wako wa kuona koo.

3. Kwale mwenye jina la Mto Ruvuma

Asubuhi moja ya kiangazi, kwenye kijia cha mchanga kinachopita kati ya mikorosho na kichaka kizito karibu na Msimbati, walitoka ndege wawili mmoja nyuma ya mwingine. Nitaeleza nilivyomsoma wa mbele hatua kwa hatua, kwa sababu yeye ndiye ndege ambaye mtu wa Mtwara anapaswa kumjua kuliko wote.

Ukubwa: kidogo zaidi ya sentimita 30, kwa hiyo si kanga wala tombo. Kichwa: hakina pembe, na kuna mstari mweupe juu ya jicho. Mkia: ameusimamisha juu wakati anatembea, kama kuku mdogo wa kienyeji. Alama hii ya mkia ni ya kwale mwenye kishungi, na inaonekana hata kwa mbali, hata jua likiwa mbele yako na rangi zote zimepotea. Miguu: myekundu. Koo: jeupe lenye manyoya, hivyo kering'ende ameondoka kwenye hesabu.

Kufikia hapo jina la jumla limepatikana. Lakini ndege alisimama akajigeuza ubavu, nikaona tumbo. Kwale mwenye kishungi wa bara, huko katikati na kaskazini mwa Tanzania, ana madoa kifuani, kisha tumbo lake ni la rangi ya udongo hafifu, karibu wazi. Huyu wa Msimbati alikuwa na michirizi ya kahawia iliyokolea ikishuka kifuani hadi tumboni. Michirizi hiyo ndiyo inayomtambulisha kwale wa pwani, anayepatikana kuanzia pwani ya Kenya hadi kaskazini mwa Msumbiji.

Mwanasayansi George Robert Gray alimpa kwale huyo jina la kitaalamu *rovuma* mwaka 1867, kutokana na mto huu. Kwa Kiingereza ameitwa kwale wa Kirk, yaani John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyepanda Mto Ruvuma pamoja na Livingstone mwaka 1862 na baadaye akawa konseli wa Uingereza Zanzibar. Wataalamu wengi leo humhesabu kuwa ni jamii ndogo ya kwale mwenye kishungi, si spishi ya peke yake. Kwangu hilo halimpunguzii kitu. Ni ndege wa hapa, na alama yake iko tumboni, mahali ambapo wapita njia wengi hawatazami.

Wale wawili walipoona kivuli changu waliruka. Mikia yao ikafunguka, myeusi. Hiyo nayo ni alama ya kuthibitisha: kwale huyu akiruka, mkia mweusi huonekana waziwazi dhidi ya mgongo wa kahawia. Baadaye waliitikiana ndani ya kichaka, dume na jike, kwa ile sauti kali ya kukwaruza inayorudiwarudiwa haraka. Ukiisikia alfajiri, jua wako karibu, ingawa huwaoni.

4. Si kila anayefanana na tombo ni tombo

Mvua zikishashika na majani kuota, hasa pembeni mwa mpunga na mashamba ya ufuta, njiani huanza kutoka ndege wadogo wa sentimita 15 hadi 20 hivi, mviringo, karibu bila mkia. Tombo husafiri wakifuata mvua na mbegu, kwa hiyo mwaka mmoja wapo tele na mwingine ni wachache.

Dume wa tombo wa mvua anatambulika kooni: jeupe lenye alama nyeusi ya umbo la nanga, kisha kifua cheusi na ubavu wa kahawia nyekundu. Jike ni wa kahawia tu, koo hafifu. Miguu ya wote ni ya rangi iliyopauka, kamwe si nyekundu. Hiyo inatosha kumtenga na kifaranga mkubwa wa kering'ende anayekaribia utu uzima.

Lakini kuna mdogo mwingine anayepita njia hizohizo, ambaye watu humwita tombo na si tombo. Ana jicho lililopauka, karibu jeupe, na madoa meusi pembeni mwa kifua. Akiruka, nusu ya mbele ya bawa lake inaonekana nyeupe kuliko nyuma. Mguuni ana vidole vitatu tu, vyote vinaelekea mbele. Cha nyuma hana. Tombo wa kweli anacho, kidogo. Wataalamu wamemweka karibu zaidi na vitwitwi na shakwe kuliko na kuku. Kwake jike ndiye mwenye rangi kali, na dume ndiye anayeatamia mayai.

Alama za miguu mchangani zisikupe uhakika hapa. Kidole cha nyuma cha tombo ni kifupi, na mara nyingi hakigusi ardhi vya kutosha. Jicho na bawa ni mashahidi bora.

5. Tope na utoto

Alama mbili hupotea kwa sababu za kawaida kabisa. Ya kwanza ni rangi ya miguu. Kering'ende anayetoka kwenye jaruba la mpunga bondeni mwa Ruvuma anaweza kuwa na miguu myeusi tititi kwa tope. Hapo usiandike rangi ya mguu. Andika koo.

Ya pili ni umri. Kifaranga wa kanga hazaliwi na pembe. Ana michirizi ya kahawia, na akikua kidogo anaweza kuchukuliwa kuwa kwale. Vifaranga wa kering'ende nao wana rangi hafifu kooni na miguuni. Dawa ni kusubiri: vifaranga hawatembei peke yao, na mkubwa atatoka nyuma yao au atawaita kutoka kichakani.

Ukipita njia hizi, iwe ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma au nje yake, chukua daftari. Andika kijiji, tarehe, idadi, na mambo manne: kichwani, kooni, miguuni, tumboni. Usiweke mtego wala usiokote mayai. Peleka taarifa zako kwa Atlasi ya Ndege wa Tanzania, inayokusanya kumbukumbu za aina hii kutoka kila pembe ya nchi. Na ukimwona kwale mwenye kishungi, usisahau kuandika kama tumbo lake lina michirizi.