KUMULIKA MAYAI KABLA YA KUYAUZA
(Somo kwa wafugaji, wachuuzi na watumishi wanaonunua mayai)

Wananchi wanaofuga kuku, wachuuzi wa mayai, pamoja na watumishi wenye dhamana ya kununua vyakula vya majiko ya shule na nyumba za wageni, wanaombwa kulisoma somo hili kwa makini. Linahusu namna ya kulitazama yai kwa mwanga ili kulipima upya wake na kuuona ufa wake kabla halijamfikia mlaji.

Tuchukue hali ilivyo katika Mchinga, kiasi cha kilomita 30 kaskazini ya mji wa Lindi, katika barabara iendayo Kilwa. Mchuuzi hukusanya mayai ya kuku wa kienyeji nyumba kwa nyumba, manne hapa, sita pale, mpaka apate ya kutosha kupeleka sokoni Lindi. Kwa macho matupu hawezi kujua lipi limetagwa jana na lipi limekaa kiotani juma zima, kwani maganda yote yanafanana. Anayegundua ni mnunuzi, baada ya kulivunja yai viza ndani ya unga wa maandazi uliokwisha kutiwa sukari na mafuta. Hapo hupotea yai, unga na mnunuzi mwenyewe.

1. SABABU YA KUTOTEGEMEA HESABU YA SIKU

Mfugaji akiulizwa hujibu kwamba mayai yake ni ya siku tatu. Huenda asema kweli, lakini katika mwambao wetu jibu hilo halitoshi.

Yai la kuku anayeishi na jogoo kwa kawaida huwa limerutubishwa. Mbegu iliyomo hulala mradi yai limewekwa mahali penye baridi ya chini ya nyuzi za sentigredi 20 hivi. Joto likizidi hapo, mbegu huanza kukua. Kuku anayeatamia hulipa yai joto la nyuzi 37 au 38, na kifaranga hukua sawasawa. Lakini katika miezi ya Novemba hadi Machi joto la mchana la Mchinga hufika nyuzi 30 au zaidi. Joto hilo huiamsha mbegu bila kuitosheleza, ikakua kwa mpango mbaya, kisha ikafa. Yai la namna hiyo huharibika upesi, ingawa siku zake ni chache.

Aidha, mitetea wawili au watatu hutumia kiota kimoja. Mmoja wao akianza kuatamia, yai la leo na yai la siku tano yatakuwa chini ya tumbo moja. Mfugaji anayeokota mayai yote kwa pamoja hawezi kuyatofautisha, ila kwa kuyamulika.

2. VIFAA

Chukua kopo tupu la maziwa ya unga. Toboa kitakoni mwake tundu la mviringo lenye upana wa sentimita 3. Yai la kienyeji huwa na upana wa karibu sentimita 4, hivyo litaliziba tundu lote na mwanga hautakupiga machoni. Zungushia ukingo wa tundu kipande cha kitambaa au cha kandambili kuukuu ili bati lisilipasue yai. Laza kopo juu ya meza, likingwe kwa vijiwe viwili lisiviringike, kisha ingiza tochi mdomoni mwake ielekee kwenye tundu. Tochi ya simu inafaa vilevile.

Kazi hii ifanyike katika chumba chenye giza, madirisha yakiwa yamefungwa, au baada ya jua kutua. Koroboi na mshumaa vilitumika zamani, lakini mwali wake huchezacheza na kuuficha ufa mwembamba, na moshi wake huchafua ganda.

3. NAMNA YA KUMULIKA

Shika yai kwa upande wake mwembamba, kwa kidole gumba na vidole viwili vya mwanzo. Liegemeze kwenye tundu kwa mshazari, upande mpana ukielekea mwanga. Tazama mambo mawili kwa mfuatano huu.

La kwanza ni chumba cha hewa. Yai linapotagwa huwa na joto la mwili wa kuku. Likipoa, vilivyomo ndani hunywea, na tando mbili zilizo chini ya ganda huachana upande mpana, hewa ikaingia kati yake. Kuanzia hapo maji ya yai hutoka kidogo kidogo kupitia vitundu vya ganda, na chumba hicho hupanuka kila siku, kwa haraka zaidi wakati wa joto. Kwenye mwanga huonekana kama kofia nyeupe yenye mpaka ulio wazi. Andika mpaka huo kwa penseli juu ya ganda, kisha pima kina chake. Yai jipya huwa na kina cha milimita 3 hivi. Kanuni za Umoja wa Ulaya hulikubali yai kuwa la daraja A endapo kina hicho hakizidi milimita 6. Asiye na rula atumie unene wa penseli ya kawaida, ambao ni kama milimita 7: kofia ikifikia unene huo, yai lisiuzwe kuwa jipya. Ieleweke kwamba yai la kienyeji ni dogo, lina uzito wa gramu 40 hivi. Hivyo kipimo hiki kichukuliwe kuwa mwongozo, kikisaidiwa na dalili ifuatayo.

La pili ni kivuli cha kiini. Zungusha yai kwa ghafula kidogo, kushoto na kulia. Katika yai jipya, ute ni mzito na hukishikilia kiini katikati; kivuli chake ni hafifu na husogea polepole. Ute ukizeeka huwa mwepesi kama maji. Hapo kivuli hukolea, ukingo wake huonekana dhahiri, nacho hukimbia mara yai linapozungushwa na kulikaribia ganda.

Yakionekana mishipa myembamba kama miguu ya buibui, mbegu imekua. Ikionekana pete nyekundu, mbegu ilikua kisha ikafa. Yai lililo jeusi lote, isipokuwa kofia ya hewa, aidha lina kifaranga kilichokwisha kukua au ni viza. Mayai ya namna zote hizi yasiuzwe kuwa chakula.

4. KUUTAFUTA UFA

Baada ya hapo lilaze yai ubavu na ulizungushe taratibu mbele ya tundu mpaka ganda lote lipite. Ufa huonekana kama uzi mweupe unaong'aa, mara nyingi wenye matawi. Usiuchanganye na madoadoa meupe yaliyotapakaa. Hayo husababishwa na unyevu ndani ya ganda, wala si kasoro ya kulikataza yai. Doa ni nukta, ufa ni mstari.

Ukiwa na shaka, gonganisha mayai mawili polepole karibu na sikio. Yaliyo mazima hutoa mlio mkavu wa kulia. Lenye ufa hutoa mlio mzito uliozimika.

Ufa uliotokea muda mfupi uliopita waweza usionekane mpaka unyevu upenye ndani yake. Kwa hiyo mayai yamulikwe mara mbili: siku ya kuyakusanya, na tena kabla ya kuyakabidhi kwa mnunuzi.

5. MFANO WA TREI MOJA

Tuseme mchuuzi amekusanya mayai 30 kutoka nyumba tano, na kila yai ameliandika kwa penseli namba ya nyumba lilikotoka. Anayamulika jioni na kupata matokeo haya: mayai 22 ni mazima na mapya, mawili yana kofia iliyopita unene wa penseli na kiini kinachokimbia, matatu yana ufa mwembamba, moja linavuja, na mawili yana pete ya damu.

Akiuza kila yai kwa shilingi 500, alitarajia shilingi 15,000. Sasa anayo mayai ya shilingi 11,000. Huenda akaona mwanga umemnyang'anya shilingi 4,000. Sivyo. Hasara hiyo ilikuwamo ndani ya trei kabla hajayamulika, na lililobaki ni kujua nani ataibeba: yeye leo, au mnunuzi kesho.

Lakini matokeo hayo yanamweleza zaidi. Mayai yote mawili yenye pete yana namba ya nyumba moja. Anarudi huko na kukuta mtetea mmoja ameanza kuatamia katika kiota cha wenziwe. Dawa yake ni kuokota mayai asubuhi na jioni, na kuacha kiotani yai moja tu lililotiwa alama ya mkaa ili kuku wasikihame kiota. Mayai matatu yenye ufa yametoka nyumba mbalimbali, ila yote yalikuwa chini kabisa ya kikapu. Kosa hapo si la mfugaji. Ni la kikapu kisichotandikwa nyasi kavu au makapi ya mpunga.

Yale matatu yenye ufa ayachemshe siku hiyohiyo mpaka yaive kabisa, yaliwe nyumbani. Mawili ya zamani ayavunje kila moja katika kikombe chake, na yasipokuwa na harufu yapikwe vizuri. Linalovuja na yenye pete yafukiwe.

6. MIPAKA YA NJIA HII

Mwanga hauonyeshi vijidudu vya maradhi. Yai laweza kupita vipimo vyote hivi na bado likawa na vijidudu vya kuharisha. Kuliivisha ndiyo kinga. Ganda la kahawia iliyokolea huficha kiini, na huhitaji tochi yenye nguvu. Mayai ya kanga, yenye ganda nene na madoa, ni magumu zaidi kuyasoma.

Wengi hutumia maji: yai likizama ni jipya, likielea ni la zamani. Njia hiyo yafaa jikoni kwa yai litakalopikwa papo hapo. Kwa mayai ya kuuza haifai, kwa kuwa haionyeshi ufa wala pete ya damu, na ganda lililoloweshwa hupoteza utando wake wa kinga, vijidudu vikapenya vitunduni pamoja na maji.

Watumishi wanaopokea mayai ya taasisi wanashauriwa kuwa na kopo na tochi mahali pa kupokelea, wamulike mayai mbele ya muuzaji, na kumrudishia hapo hapo yasiyofaa. Hivyo kila mmoja ataona kwa macho yake sababu ya kukataliwa kwa yai, na hakutakuwa na ugomvi baada ya malipo.