Kukosa Usingizi: Kwa Nini Inafaa Kuondoka Kitandani

Wako watu ambao jioni husinzia vizuri kabisa kitini, kichwa kikidondoka kifuani huku redio ikiendelea kusema, lakini wanapoingia chumbani na kuweka kichwa juu ya mto macho huwa makavu na moyo huanza kwenda mbio. Watu hao hao wakisafiri na kulazwa kwenye mkeka kwa jamaa zao, mahali pageni penye kelele, hulala fofofo mpaka kunapambazuka. Jambo hili huwashangaza wenyewe, kwani ingetazamiwa kuwa mtu alale vyema zaidi nyumbani kwake. Kwa mtaalamu wa elimu ya nafsi, hata hivyo, hiyo ni dalili yenye maana kubwa. Inaonyesha kwamba uwezo wa kulala haujapotea, bali kitanda chenyewe ndicho kilichogeuka kuwa ishara ya kukesha.

Ili kufahamu jinsi kitanda kinavyoweza kugeuka hivyo, yafaa tukumbuke kazi ya Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi. Pavlov alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kupewa chakula mara tu baada ya kusikia sauti fulani, hatimaye hutokwa na mate kwa kuisikia sauti hiyo peke yake, hata kama chakula hakipo. Sauti, ambayo hapo awali haikuwa na maana yoyote kwa mbwa, ilikuwa imekwisha kuwa kichocheo. Ubongo wa binadamu hujifunza kwa namna hiyo hiyo bila kushauriwa. Kwa mtu anayelala vizuri, giza, mto na shuka huambatana kila usiku na kusinzia, na baada ya miaka mingi vitu hivyo humvuta usingizini. Lakini mtu anayelala macho saa tatu kila usiku, akigeuka huku na huku, akihesabu madeni yake na kukasirikia usingizi uliomkimbia, anaufundisha ubongo wake somo jingine. Kitanda huambatana na hasira na wasiwasi, na hatimaye kitanda peke yake chatosha kuviamsha.

Mara nyingi sababu ya kwanza ya kukesha huwa ni jambo la kweli: ugonjwa nyumbani, msiba, mtihani au kesi ya shamba. Sababu hiyo hupita, lakini somo lililofundishwa kitandani hubaki. Ndiyo maana mgonjwa husema, "Sina tena jambo linalonisumbua, ila silali."

Mwaka 1972 mtaalamu Mmarekani aitwaye Richard Bootzin alitoa tiba iliyojengwa juu ya wazo hili, nayo ikaitwa udhibiti wa vichocheo. Tiba hiyo haina dawa yoyote. Ni maagizo machache tu, na inatumika mpaka leo, aghalabu ikiwa sehemu ya tiba pana zaidi ya mazoea na mawazo yanayohusu usingizi. Mgonjwa huambiwa asiende kitandani mpaka awe na usingizi. Kitanda asikitumie kwa jambo jingine lolote isipokuwa kulala na tendo la ndoa. Kusoma, kula, kusahihisha madaftari na kutazama simu vifanyike mahali pengine. Akiona kwamba usingizi hauji, aondoke kitandani aende chumba kingine, wala asirudi mpaka asinzie. Akirudi na usingizi usije tena, aondoke tena, hata ikiwa ni mara tano kwa usiku mmoja. Asubuhi aamke saa ile ile kila siku, awe amelala vizuri au vibaya, na mchana asilale.

Katika maagizo hayo, neno linalowapotosha wengi ni "usingizi". Mtu aliyelima au kusimama darasani mchana kutwa amechoka, lakini kuchoka si kusinzia. Mchovu hutaka kupumzisha viungo. Mwenye usingizi kope zake huwa nzito, husoma mstari ule ule mara mbili, na kichwa chake huanguka bila ya yeye kutaka. Anayeingia kitandani kwa uchovu peke yake atapumzisha miguu, lakini ubongo utaendelea kukesha, na somo baya litaongezwa usiku mmoja zaidi.

Agizo la kuondoka ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalobishiwa sana. Mgonjwa husema: "Nikibaki nimelala, walau mwili unapumzika, na huenda usingizi ukanipitia." Hoja hii ina ukweli kidogo, na ndiyo sababu inadanganya. Huenda kweli akapata lepe moja mnamo saa tisa usiku; lakini kwa lepe hilo amelipia saa nzima ya kukereketwa kitandani, na ubongo umeandika kwamba hapa ni mahali pa kukereketwa. Tena, kadiri mtu anavyojitahidi kulala ndivyo anavyozidi kuwa macho. Jitihada ni kazi, na hasira huufanya mwili umwage adrenalini, moyo ukapiga kwa nguvu na misuli ikakaza. Mtu anapoinuka na kwenda kukaa kitini, ile vita ya kuutafuta usingizi inakoma, maana hakuna anayetazamiwa kulala akiwa amekaa sebuleni. Moyo hutulia, na mara nyingi kusinzia hurejea kwenyewe.

Liko jambo la tatu, linalohusu haja ya usingizi yenyewe. Wakati mtu yu macho, kemikali iitwayo adenosini huongezeka ubongoni, na kadiri inavyozidi ndivyo usingizi unavyomlemea. Vipande vya usingizi vinavyookotwa kitandani asubuhi au baada ya chakula cha mchana hupunguza haja hiyo, na usiku unaofuata mtu huingia kitandani akiwa na akiba ndogo. Kuamka kwa saa moja isiyobadilika na kutolala mchana huiacha haja hiyo ijikusanye, na vilevile huishikilia saa ya mwilini isiyumbe.

Je, akae macho kitandani kwa muda gani kabla ya kuinuka? Hapo mwanzo ilisemwa dakika 10 hivi. Leo wengi husema kati ya dakika 15 na 20. Lakini asipime kwa saa. Anayechungulia saa kila mara huongeza wasiwasi, kwa hiyo afadhali saa igeuziwe ukutani, na ibaki kwa kazi ya kumwamsha tu. Kipimo kizuri zaidi ni moyo wake: mara anapohisi kwamba ameanza kukasirika, wakati wa kuondoka umefika.

Tuchukue mfano mmoja, ambao tumeutunga ili kuonyesha mwendo wa kawaida wa tiba. Mwalimu mmoja wa makamo hulala saa tatu usiku ili "auwahi" usingizi, hupata kulala mnamo saa saba, na huamka saa kumi na mbili asubuhi. Yuko kitandani saa tisa, lakini amelala saa tano tu. Anaanza tiba kwa kupanga kuamka saa kumi na moja na nusu kila siku, Jumapili ikiwemo. Usiku wa kwanza anasubiri mpaka saa tano, anaingia kitandani, na usingizi unatoweka papo hapo. Anainuka mara nne. Analala saa nane usiku, na saa yake inamwamsha baada ya saa tatu na nusu. Siku hiyo ni mbaya sana darasani. Usiku wa pili anainuka mara tatu na kulala saa saba na nusu. Usiku wa tatu uchovu na usingizi vimekutana: anainuka mara moja tu.

Halafu Jumapili anajilaza kidogo baada ya chakula, na kidogo hicho kinakuwa saa mbili. Usiku wake anakesha tena, naye anaamini kwamba tiba imeshindwa. Haikushindwa, ameitumia mchana ile haja iliyokuwa imlaze usiku. Anaendelea, na katika juma la nne anaingia kitandani saa tano kasorobo, anapitiwa na usingizi baada ya dakika 20 hivi, na jumla analala kama saa sita. Faida haikuwa saa moja tu iliyoongezeka, kwa kuwa sasa karibu muda wote anaokuwa kitandani ni muda wa kulala, na kitanda kimerudishiwa maana yake. Mtu mwingine huenda akahitaji majuma mengi zaidi, na wako ambao hawapati nafuu.

Huko sebuleni mtu afanye nini? Afanye jambo tulivu katika mwanga hafifu: kusoma kitabu kisichosisimua, kukunja nguo, kusikiliza redio kwa sauti ya chini. Asivute sigara, asinywe chai ya rangi wala kahawa, asiifuate kazi ya ofisini, na simu aiache. Asilale kitini, kwani kiti nacho kitajifunza. Kosa jingine ni kurudi kitandani kwa sababu "muda umetosha". Arudi kwa sababu kope zimekuwa nzito.

Wengi wetu tunaishi chumba kimoja na watoto, wala hatuna sebule ya kuendea. Hapo kiti au mkeka kwenye pembe ya chumba wafaa, mradi mtu atoke kitandani na nje ya chandarua, kisha arudi kwa ajili ya kulala tu. Penye mbu, avae nguo ya mikono mirefu na kufunika miguu. Hakuna maana ya kutibu usingizi kwa kukaribisha malaria. Yatia moyo kujua kwamba mwaka 1979 watafiti Zwart na Lisman walieleza kuwa hata watu walioagizwa kufanya shughuli nyingine papo hapo kitandani, badala ya kung'ang'ania kulala, walipata nafuu. Matokeo hayo yaliwafanya wataalamu wajiulize kama siri iko katika mahali au katika kuacha jitihada, na swali hilo halijafungwa. Kwa hiyo mgonjwa au mzee asiyeweza kuinuka bila hatari ya kuanguka gizani aweza kuketi kitandani, aegemee mto na kusoma mpaka asinzie.

Tiba hii si ya kila mtu. Kwa kuwa siku za mwanzo hupunguza usingizi, dereva wa lori na mwendesha mashine wasiianze katika juma la kazi ya hatari. Mwenye kifafa, na mwenye ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia, wasiianze bila daktari, maana upungufu wa usingizi waweza kuamsha maradhi yao. Naye anayekoroma kwa nguvu, akakatika pumzi usingizini na kusinzia mchana hata akiwa katika mazungumzo, yafaa apimwe kwanza, kwa sababu anaamshwa na koo lake linaloziba na si na kitanda.