SOMO KWA MAKATIBU: NAKALA YA SKANA NA PICHA YA SIMU, NI IPI ISOMEKAYO NA MODELI?

Siku hizi baadhi ya vyama vya msingi vya Tarime na Serengeti hutuma karatasi zao za mapokezi kwa njia ya simu au kompyuta, badala ya kungoja mtu atakayesafiri kutoka milimani au kutoka upande wa Mugumu. Karatasi ikifika, karani huweza kuipa modeli ya akili mnemba, yaani programu iwezayo kusoma maandishi na picha, ili iyanakili majina na kilo katika jedwali. Kazi hiyo ikifanyika sawasawa, huokoa siku nyingi za kunakili. Ikifanyika vibaya, mwanachama hulipwa pungufu, au fedha zake huandikwa kwa mtu mwingine. Kwa hiyo yafaa katibu ajue ni faili ya namna gani aitumayo, na modeli itapata nini ndani yake.

1. Aina tatu za PDF

Makatibu wengi huamini kwamba faili ya PDF ni hati, na picha ya simu ni picha tu. Hivyo PDF lazima isomeke vizuri zaidi. Imani hiyo si sahihi. PDF ni mfano wa bahasha. Ndani ya bahasha yaweza kuwamo barua iliyopigwa chapa, na yaweza kuwamo picha ya barua. Aliyeitazama kwa nje haoni tofauti.

Aina ya kwanza ni PDF iliyotengenezwa na kompyuta yenyewe, kama vile waraka ulioandikwa ofisini ukahifadhiwa moja kwa moja. Ndani yake mna herufi halisi. Modeli huzipokea kama zilivyo, na tarakimu 7 haiwezi kugeuka kuwa 1.

Aina ya pili ni PDF iliyotoka katika skana, au katika programu ya simu inayoskani. Hapa kila ukurasa ni picha, na hamna herufi hata moja. Macho ya mtu husoma bila shida, ila kwa kompyuta huo ni mkusanyiko wa nukta tu.

Aina ya tatu huwapotosha watu zaidi. Ni skana ambayo mashine imejaribu kuitambua, kisha ikaficha herufi ilizozikisia chini ya picha. Katibu akiitazama huona mwandiko wake mwenyewe ulio sahihi, lakini modeli inayochukua herufi zile zilizofichwa husoma makisio ya mashine. Kwa mwandiko wa mkono, makisio hayo aghalabu huwa mabaya.

Namna ya kutambua ni rahisi. Fungua faili katika kompyuta, kisha ujaribu kuburuta mshale juu ya jina moja. Jina lisipochagulika, faili ni ya aina ya pili. Likichagulika, linakili na kulibandika mahali pengine, ukalinganishe na lile lionekanalo. Yakiwa mamoja, herufi za jina hilo ni za kuaminika. Yakitofautiana, faili ni ya aina ya tatu. Mtunza kompyuta wa chama kikuu aliye na zana za Poppler aweza kupata jibu hilo hilo kwa amri ya kwanza hapa chini. Amri isipotoa neno lolote, hamna herufi. Amri ya pili hugeuza kila ukurasa kuwa picha ya kawaida.

```
pdftotext -layout mapokezi.pdf -
pdftoppm -r 200 -png mapokezi.pdf ukurasa
```

2. Modeli hupokea nini?

Programu zinazotumia modeli hazifanani. Zipo ambazo zikipewa PDF huchukua herufi zilizomo na kuziacha picha. Zikipewa skana ya aina ya pili, modeli haipati kitu. Mara nyingine husema wazi kwamba faili ni tupu. Mara nyingine, na hapo ndipo penye hatari, hutoa orodha ya majina na kilo ambazo hazimo katika karatasi, zikiwa zimepangwa vizuri kama za kweli. Zipo programu nyingine ambazo hugeuza kila ukurasa kuwa picha na kuipa modeli yenye uwezo wa kuona. Hizo huweza kusoma skana. Zipo pia modeli zisizoona picha kabisa, na kwazo skana na picha ya simu ni sawa: zote hazisomeki.

Basi kabla ya kutuma karatasi mia, na ijaribiwe karatasi moja. Modeli iulizwe mistari ni mingapi, jina la kwanza ni lipi, na la mwisho ni lipi. Majibu yasipolingana na karatasi iliyo mkononi, kazi isiendelee. Dawa ya kwanza ni kugeuza PDF kuwa picha, kama amri ya pili ifanyavyo, kisha kuipeleka kama picha. Aina ya tatu nayo yafaa kutendewa hivyo, ili modeli iutazame mwandiko wenyewe.

3. Picha ya simu na hesabu ya nukta

Modeli inayoona yaweza kusoma picha ya simu kama isomavyo skana, ilimradi kila tarakimu ipate nukta za kutosha. Hesabu yake ni hii. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297. Skana ikiwekwa nukta 300 kwa inchi, kila milimita hupata nukta 12 hivi; tarakimu yenye kimo cha milimita 3 hupata nukta 35.

Simu nyingi hupiga picha yenye nukta 4,000 kwa urefu. Karatasi ikiijaza picha yote, kila milimita hupata nukta 13, yaani si chini ya skana. Lakini tuseme karani amesimama mbali, karatasi ikachukua nusu tu ya picha, na nusu nyingine ikawa meza, mizani na magunia. Kisha akaituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, nayo ikapunguzwa hadi nukta 1,600 hivi. Sasa karatasi yenyewe imebaki na nukta 800. Kila milimita ina nukta chini ya 3, na tarakimu ile ya milimita 3 ina nukta 8 tu. Katika nukta 8, tofauti kati ya 1 na 7, au kati ya 3 na 8, huweza kupotea, na ikipotea hakuna modeli iwezayo kuirudisha.

Kwa sababu hiyo picha ipigwe kutoka juu, karatasi ikiwa imenyooshwa na kuijaza picha, penye mwanga wa kutosha pasipo kivuli cha mpigaji. Katika WhatsApp itumwe kwa njia ya `Document`, ambayo haipunguzi nukta. Tena ikumbukwe kwamba modeli nyingi nazo hupunguza picha kubwa kabla ya kuisoma. Karatasi yenye mistari mingi midogo ni afadhali ikatwe kuwa picha mbili, nusu ya juu na nusu ya chini, ili kila tarakimu ipate nukta nyingi zaidi.

Skana hubaki na faida ya mwanga ulio sawa na karatasi iliyolala bapa. Hata hivyo programu za simu zinazoskani huwa na desturi ya kugeuza ukurasa kuwa mweusi na mweupe tupu. Nakala ya kaboni iliyofifia, au alama ya penseli, huweza kufutika papo hapo. Stakabadhi za kaboni ziskaniwe kwa rangi.

4. Mfano wa karatasi moja

Tuchukue karatasi ya mfano ya mapokezi ya kahawa yenye wanachama watano, kwa bei ya shilingi 5,000 kwa kilo. Kilo zilizoandikwa ni 46, 71, 38, 60 na 25. Jumla ni kilo 240, na fedha ni shilingi 1,200,000. Modeli ilipewa picha hafifu, ikasoma mstari wa pili kuwa kilo 77.

Kosa hilo hunaswa kwa njia mbili. Jumla ya kilo zilizosomwa ni 246, ilhali karatasi inasema 240. Na katika mstari wenyewe, 77 mara 5,000 ni 385,000, ilhali fedha zilizoandikwa ni 355,000. Hesabu ya kwanza huonyesha kwamba kosa lipo, na ya pili huonyesha mstari wake. Sharti moja lazima litimizwe: modeli iamriwe kunakili jumla kama ilivyoandikwa, isiikokotoe. Ikiachiwa ikokotoe, itaandika 246, na mizania itaonekana imelingana. Kujumlisha ni kazi ya karani na kikokotoo chake.

Sasa tuseme kilo zote zimesomwa sawasawa, lakini namba ya mwanachama 0317 imesomwa 0311. Jumla zote zitalingana. Hakuna hesabu itakayoonyesha kosa, na fedha za mkulima mmoja zitaingia kwa jina la mwingine. Kinga yake ni daftari la wanachama: kila namba ilinganishwe na jina lililo kando yake. Penye namba na jina visivyokubaliana, irejelewe karatasi ya asili. Kwa sababu hiyo karatasi ya asili isitupwe baada ya kuskaniwa. Wakaguzi wa COASCO wakija, ndiyo ushahidi.

5. Taarifa za wanachama

Jina, simu na akaunti ya benki ya mwanachama ni taarifa binafsi, zinazolindwa na Sheria Na. 11 ya mwaka 2022. Modeli nyingi hufanya kazi katika kompyuta zilizo nje ya nchi. Halmashauri ya chama iamue kwanza kama karatasi zaweza kupelekwa huko. Safu ya simu na akaunti yaweza kufunikwa kwa kipande cha karatasi kabla ya kupiga picha, kwani haihitajiki katika kujumlisha kilo.

Maswali ya majadiliano

1. PDF za chama chenu ni za aina gani kati ya hizo tatu? Zijaribuni kwa mshale.
2. Picha ina nukta 4,000, na karatasi ya A4 imechukua robo tatu ya urefu wake. Kila milimita ya karatasi ina nukta ngapi?
3. Jumla ya kilo imelingana na karatasi. Ni makosa gani ambayo bado yaweza kuwapo, na nani katika chama chenu ana wajibu wa kuyatafuta?