KUCHAJI SIMU USIKU KUCHA

Wengi wetu tukienda kulala tunachomeka simu kwenye umeme, na tunaichomoa asubuhi. Mwaka wa pili tunalalamika kuwa betri haikai na chaji. Hebu tuupige hesabu usiku mmoja tu.

Tuseme mkulima anachomeka simu saa 3 usiku, ikiwa na asilimia 40. Saa 5 imejaa. Anaichomoa saa 12 asubuhi. Je, simu imekaa imejaa kwa saa ngapi? Saa 7. Kwa siku 30 ni saa 210.

Simu ikijaa hukata chaji yenyewe. Lakini ikishuka kidogo huongezwa tena, kwa hiyo betri inabaki imejaa hadi asubuhi. Hapo ndipo penye hasara. Betri ya simu ni ya lithiamu. Ikijaa kabisa, nguvu ya umeme ndani yake huwa kubwa, na dawa zilizomo huchakaa upesi zaidi. Joto huongeza uchakavu huo. Simu inayochajiwa chini ya mto wa kulalia inapata mabaya yote mawili! Iweke mezani, na ivue kava ikiwa inapata moto.

Simu nyingi za siku hizi zina mahali pa kuweka kikomo cha chaji. Katika simu nyingi mpya za Samsung, fungua Settings, kisha Battery, kisha Battery protection. Iwashe, uchague Maximum. Linganisha maneno hayo herufi kwa herufi na yaliyo kwenye kioo. Baada ya hapo chaji itasimama kwenye asilimia 80. Usidhani simu imeharibika, ndivyo ulivyoiagiza.

Kikomo hicho kina gharama yake: unaacha sehemu moja kati ya tano ya chaji. Ukiwa na safari ya mbali, kiondoe ujaze yote. Kujaza mara mojamoja hakuna neno.

Kama simu yako haina kikomo, ichaji jioni ukiwa macho, uichomoe ikifika asilimia 80 au 90. Usingoje izimike ndipo uchaji. Desturi hiyo tuliirithi kutoka betri za zamani za nikeli. Lithiamu haipendi kukaa tupu.

Angalizo kwa wenye umeme wa jua: betri kubwa ya risasi, ile ya maji ya asidi, ni kinyume. Hiyo huharibika ikikaa bila kujaa, basi usiipe kikomo cha simu.

Na ukiona mgongo wa simu umeinuka au kioo kinabanduka, betri imevimba. Acha kuichaji, usiitoboe, mpelekee fundi.

MASWALI
1. Simu imejaa saa 4 usiku, ikachomolewa saa 11 alfajiri. Imekaa imejaa saa ngapi?
2. Kwa nini chini ya mto si mahali pa kuchajia?