Pensheni Ndogo, Jumatatu Tano

Mwalimu mmoja mstaafu wa Nakuru hupokea pensheni ya shilingi 16,000 kwa mwezi. Zamani alikuwa akihamisha zote kutoka benki hadi kwenye simu siku hiyo hiyo. Kufika tarehe 18, salio limeisha na anakopa unga dukani.

Sasa, pensheni ikiingia, analipa kwanza stima, maji na dawa: 4,500. Anaweka akiba 1,500. Zinabaki 10,000. Hizo anazigawanya kwa tano, si kwa nne, maana miezi mingine huwa na Jumatatu tano. Kila Jumatatu anahamisha 2,000 pekee kwenye simu.

Mwezi wa Jumatatu nne, 2,000 hubaki benki, zikingoja mwezi ambao pensheni itachelewa.

Mjukuu akipiga Alhamisi, "Shosho, nitumie mia tano," anajibiwa, "Ngoja Jumatatu, mjukuu wangu."

Ukitaka kujaribu, kumbuka kuhesabu pia ada ya kila unapohamisha. Na pesa zikiisha kabla ya Ijumaa wiki mbili mfululizo, tunakushauri urudie hesabu ya bili. Huenda kuna moja uliyoisahau.