SOMO LA KUANDIKA: KUOMBA NYONGEZA YA MSHAHARA

Kiisha kupata diploma wengi wenu mtafanya kazi kwa patroni. Leo tujifunze namna ya kumwomba aongeze mshahara. Tuchukue mfano wa kijana anayelinda depo ya simenti kule Bukavu, kwa dola 80 kila mwezi. Ameandika kwa telefone:

"Mukubwa, jambo. Maisha iko nguvu, mtoto anagonjwa, nyumba imepanda bei. Tafazali unihurumie, uniongezee kidogo."

Yote ni kweli, lakini hayasemi kitu juu ya kazi. Patroni naye ana watoto; anaweza kutoa dola 5 za dawa, na mambo yaishe hapo. Tena "kidogo" si hesabu, wala hakuna tarehe ya kujibu.

Sasa tufungue kaye ya depo. Tangu Septemba 2023 mpaka Februari 2024, mifuko 36 iliganda kwa unyevu. Kiisha kijana akapanga mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, akatoa kwanza ile ya zamani. Septemba 2024 mpaka Februari 2025 iliganda 6 tu. Tumelinganisha miezi ileile, maana tukipima mvua na kiangazi, patroni atasema: "Ni jua lililokusaidia." Mifuko 30 imeokoka kwa miezi 6, ndiyo 5 kila mwezi. Kama patroni ananunua mfuko mmoja dola 13, ni dola 65 kila mwezi.

Basi tuandike upya:

"Bwana Patroni, salamu kwa heshima. Msimu wa mvua uliopita tulipoteza mifuko 36. Msimu huu 6. Kaye iko tayari, mnaweza kuhakikisha. Tena tangu Oktoba ninaandika hesabu ya mauzo, kazi isiyokuwa katika mapatano yetu ya kwanza. Kwa hiyo ninaomba mshahara utoke dola 80 ufike 100, kuanzia Aprili. Naomba tuonane siku mtakayochagua juma hili."

Mnaona, hakuna kulia wala kutisha. Anaomba 20, nayo ni chini ya 65 aliyookoa. Hakusema "mwenzangu analipwa zaidi", kwa sababu neno lile linaleta ugomvi, na pengine si kweli.

Angalieni pia: kama hesabu haiko katika kaye, msiitunge. Patroni akivumbua uongo mmoja, hataamini na ile ya kweli. Na kama anajibu "feza hakuna", mwombe tarehe ya kuangalia tena, ao feza ya safari. Lakini mshahara ulio chini ya kima cha sheria si jambo la kubembeleza. Hilo ni la mukaguzi wa kazi.

Zoezi: "Papa, mimi ninachoka sana hapa kwa garaji, ongeza kitu." Andikeni upya kwa mistari 6. Kwanza semeni: mtatafuta ushuhuda katika kaye gani?