Uvimbe Nyuma ya Goti: Tiba Huanzia Ndani ya Goti

Mkulima wa Mikinduri mwenye umri wa miaka 60 akipanda mlima kwenda shambani huenda akahisi goti limekaza kwa nyuma. Akisimama na kulinyoosha, uvimbe laini hutokeza hapo. Mara nyingi huo ni mfuko wa majimaji. Goti lililochakaa au lenye jeraha hutoa ute mwingi, na ute huo husukumwa nyuma na kukusanyika.

Kwa hiyo, kuvuta maji kwa sindano pekee hakutoshi. Goti lisipotibiwa, mfuko hujaa tena. Daktari hukagua goti lenyewe, na picha ya ultrasaundi huthibitisha kilichomo. Mgonjwa hupunguza kubeba mizigo na kuchuchumaa, huweka barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15, na hufundishwa mazoezi ya misuli ya paja. Wengi hupata nafuu bila upasuaji.

Mfuko ukipasuka, shavu la mguu huvimba na kuuma ghafla. Damu iliyoganda mshipani huleta dalili hizohizo, na mtu hawezi kuzitofautisha nyumbani. Mguu usikandwe, mgonjwa aende hospitalini siku hiyohiyo. Akikosa pumzi au kuumwa kifua, ni dharura.